Hedifoni Iliyojuana na Simu na Bado Ikakaa Kimya

Wasomaji wengi hudhani kwamba hedifoni ya Bluetooth ikiisha kuoanishwa na simu, kazi imekwisha. Sivyo. Kuoanishwa ni kujuana tu. Baada ya hapo simu hufungua njia mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni ya muziki, nayo huchukua sauti kutoka kwenye simu kwenda masikioni. Ya pili ni ya maongezi, nayo huenda na kurudi, maana nawe wasema. Njia moja yaweza kuwa wazi, na ya pili imefungwa.

Tumtazame mwenzetu mmoja aliyemaliza shule, sasa karani wa duka. Nyimbo alizisikia vizuri masikioni, lakini kila alipopigiwa, sauti ilitoka katika spika ya simu. Katikati ya maongezi alibonyeza alama ya spika ili achague pa kusikilizia, akaona jina la hedifoni halimo. Hiyo ndiyo dalili ya kuwa njia ya pili imefungwa. Simu yake ni ya Android. Basi alifungua Settings, kisha Connected devices, akagusa alama ya gurudumu lenye meno kando ya jina la hedifoni. Akakuta Media audio imewashwa, na Phone calls imezimwa. Akaiwasha, na maongezi yakahamia masikioni.

Lakini baada ya dakika moja hivi sauti ilikatika. Hapa yafaa kujua jambo moja. Muziki hutangulizwa kidogo na kuwekwa akiba ndani ya hedifoni; kipande kikipotea njiani, hutumwa tena kabla akiba haijaisha. Maongezi hayawezi kungoja namna hiyo, kwa hiyo upungufu mdogo husikika mara moja. Kwa sababu hiyo, muziki kucheza vizuri si ushahidi kwamba njia ya maongezi ni nzima.

Karani alijaribu jambo moja moja, asije akachanganya sababu. Kwanza alizima Bluetooth ya kompyuta ya dukani, kwa kuwa hedifoni nyingine hushika vyombo viwili pamoja, na cha pili huweza kuinyang'anya sauti. Akaongea dakika tano. Sauti ikakatika vilevile. Pili akaitoa simu katika mfuko wa nyuma wa suruali, akaiweka mfuko wa shati. Akaongea tena dakika tano, na sauti haikukatika. Mwili wa mtu una maji mengi, nayo hunywa mawimbi ya Bluetooth.

Kama hilo nalo lisingalifaa, angaliijaza hedifoni umeme kabisa, kisha akabonyeza Forget na kuioanisha upya. Na ikiwa sauti hukatika hata kwa simu ya mtu mwingine, basi yaelekea ubovu umo katika hedifoni yenyewe, wala hakuna swichi ya kuuponya.