Dakika Kumi za Jumapili: Lini Upunguze Chakula, Lini Uongeze Hatua

Mtu anayepunguza uzito akiona mizani imepanda Jumatatu, Jumanne hagusi wali. Mizani ikishuka Alhamisi, anajipongeza kwa soda na chipsi. Mwezi ukiisha hawezi kusema kama mpango wake ulifaa au haukufaa, maana aliubadilisha kila siku tatu.

Mizani yenyewe haina kosa. Inapima kila kitu kilichomo mwilini, na kinachobadilika haraka kuliko vyote ni maji. Chukua mtu aliyekula pilau ya harusi Jumamosi usiku. Wanga wa wali huhifadhiwa kwenye misuli na ini, na kila gramu inayohifadhiwa hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Chumvi ya kachumbari na mchuzi huzuia maji mengine, na chakula chenyewe bado kimo tumboni. Jumapili asubuhi mizani inaweza kuonyesha kilo moja na nusu zaidi. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama kalori 7,700. Ili kilo hiyo na nusu iwe mafuta, angepaswa kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yake ya siku, na hakuna sinia la harusi linaloweza hayo kwa mtu mmoja. Ifikapo Jumatano au Alhamisi, sehemu kubwa ya uzito huo imeondoka yenyewe.

Ndiyo maana kupima na kuamua vinapaswa kutenganishwa. Pima kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Andika namba kwenye daftari kisha uiache hapo. Jumapili jumlisha namba saba, ugawe kwa saba, na wastani huo ulinganishe na wastani wa wiki iliyopita. Pembeni andika mambo manne: kiuno kwa futi kamba usawa wa kitovu, wastani wa hatua kutoka kwenye simu, idadi ya siku ulizokula kama ulivyopanga, na uzito na marudio ya mazoezi yako makuu. Kazi yote haizidi dakika kumi.

Swali la kwanza la Jumapili halihusu mizani. Ni hili: je, mpango ulifuatwa? Kipimo changu ni siku sita kati ya saba kwa chakula, na hatua zisizopungua tisa ya kumi ya lengo. Kama hukufikia hapo, kikao kimefungwa. Hakuna cha kubadilisha, kwa kuwa mpango haujajaribiwa. Wengi huliruka swali hili, wakakata chakula kwenye mpango ambao hawakuwahi kuufuata hata wiki moja kamili.

Tuseme ni karani wa ofisi Dar es Salaam, mwanamume wa kilo 84, aliyepanga kula kalori 2,100 na kutembea hatua 8,000 kwa siku. Wiki ya kwanza ameandika 84.6, 84.1, 84.3, 83.8, 84.0, 83.7 na 84.2. Wastani ni 84.1. Wiki ya pili wastani ni 83.5. Amepungua gramu 600, yaani kama asilimia 0.7 ya uzito wake. Mwendo mzuri kwa watu wengi ni kati ya asilimia 0.5 na 1 kwa wiki, kwa hiyo hagusi kitu.

Wiki ya tatu wastani ni 83.4, na ya nne 83.3. Hapa ndipo kanuni inapoanza kazi: wastani ukishuka chini ya robo ya asilimia kwa wiki, kwake kama gramu 200, na hali hiyo ikadumu wiki mbili mfululizo huku kiuno hakijapungua, ni lazima kuchukua hatua. Wiki moja peke yake haitoshi. Lakini kabla ya kukata chakula anatazama daftari. Chakula kilifuatwa. Hatua zimeshuka hadi 5,500, kwa sababu masika imeanza na sasa anapanda bajaji kutoka kituoni hadi nyumbani. Jibu limepatikana bila kugusa sahani: anatembea ndani ya jengo wakati wa mapumziko ya mchana hadi hatua zirudi 8,000. Wiki ya tano wastani ni 82.8.

Baada ya wiki kadhaa anafika 81.9 na kukwama wiki mbili, safari hii kila kitu kikiwa kimefuatwa. Sasa mpango wenyewe umepitwa na wakati, kwani mwili mwepesi hutumia nishati kidogo zaidi. Abadilishe kitu kimoja tu: aongeze hatua 2,000 kwa siku, kama dakika 20 za kutembea, au apunguze kalori 150 hadi 200. Akibadilisha vyote viwili, hatajua kipi kilichosaidia, na atakapokwama tena atakuwa ametumia akiba yote kwa mara moja. Mwenye hatua chini ya 8,000 ningemwambia aanze na miguu. Huyu anayezifikia tayari na kurudi nyumbani saa mbili usiku, ni afadhali apunguze kwenye chakula. Kalori 150 si kufunga. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja vina karibu kalori hizo, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Kisha anasubiri tena wiki mbili.

Kanuni ina upande wa pili ambao watu huupuuza kwa furaha. Baada ya wiki mbili za mwanzo, ambazo huondoa maji mengi, wastani ukishuka zaidi ya asilimia 1 kwa wiki mbili mfululizo, ongeza kalori 150 hadi 200. Kushuka kwa kasi hiyo hula misuli pamoja na mafuta.

Mazoezi yana kanuni yake, na mizani haina kauli hapo. Uzito kukwama si sababu ya kuongeza seti jimu. Tazama nguvu: ikiwa marudio yanapungua kwa chuma kilekile, katika mazoezi mawili au zaidi, kwa wiki mbili, kwanza kagua usingizi na kasi ya kupungua. Vyote vikiwa sawa, punguza seti kwa theluthi moja kwa wiki moja, chuma kibaki kilekile, kisha urudi ulikokuwa. Wengi hufanya kinyume, wakaongeza kazi juu ya mwili uliochoka.

Kwa mwanamke anayepata hedhi, wiki mbili hazitoshi. Maji yanayozuiwa siku za kabla ya hedhi yanaweza kuficha upungufu wa wiki nzima au zaidi, kwa hiyo wastani wa wiki hiyo ulinganishwe na wa wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, na aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji, wasitumie kanuni hizi bila mtaalamu wa afya.

Karani wetu naye atafikia ukomo. Akishakata mara mbili, akatembea hatua 10,000, na bado akakwama huku njaa ikimwamsha usiku, hakati mara ya tatu. Anakula kalori za kumweka palepale alipo kwa wiki mbili hivi, anaendelea kupima kila asubuhi, na wastani wa wiki ya pili ndio anaoanzia hesabu mpya.