Asetoni au isiyo na asetoni: ipi inaifaa kucha yako?

Wengi huamini kuwa dawa ya kutolea rangi ya kucha iliyoandikwa "haina asetoni" ndiyo salama. Ukweli ni kwamba usalama hutegemea zaidi aina ya rangi uliyopaka na namna unavyoitoa.

Asetoni huyeyusha rangi ya kawaida kwa sekunde chache, kisha hupaa hewani. Lakini pamoja na rangi huondoa pia mafuta ya kucha na ya ngozi inayoizunguka, na ndiyo maana vidole hubaki vyeupe na vikavu. Dawa isiyo na asetoni mara nyingi hutumia ethili asetati. Hiyo nayo hukausha, ila nguvu yake ni ndogo, hivyo mtu hulazimika kusugua muda mrefu. Kwa rangi nyepesi inatosha kabisa, hasa kwa mwanamke anayetoa rangi mara kwa mara ili atawadhe. Kwa rangi nzito ya kumetameta, pamba yenye asetoni iliyotulizwa juu ya kucha kwa muda mfupi huumiza kidogo kuliko kusugua.

Jeli ina taratibu zake. Hugandishwa kwa mwanga wa taa, na dawa isiyo na asetoni haiiwezi. Hata asetoni haiiyeyushi yote. Huivimbisha mpaka iachie kucha. Anza kwa kusugua mng'aro wa juu tu kwa tupa ya kucha. Paka vaselini kwenye ngozi ya pembeni, weka juu ya kucha kipande cha pamba kilicholowa asetoni, kisha funga kwa foili dakika 10 hadi 15. Ukifungua, jeli iwe imenyanyuka kingo. Isukume taratibu kwa kijiti cha mbao. Ikigoma, funga tena dakika 5. Fanya hayo mbali na jiko au kiberiti, penye hewa, kwa sababu mvuke wa asetoni hushika moto upesi.

Madhara makubwa hutokana na kubandua jeli kwa nguvu. Hutoka na tabaka za juu za kucha yenyewe, na yaliyobaki huwa mabaka meupe yenye kukwaruza. Kucha za mikono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, hivyo sehemu iliyoharibika karibu na shina huchukua miezi ipatayo 6 kufika ncha na kukatwa.

Kila ukitoa rangi, nawa mikono, kisha paka mafuta ya nazi kwenye kucha na shina lake zikiwa bado na unyevu, ili maji yasitoke upesi. Vaa glavu unapofua au kuosha vyombo, kwani kulowa na kukauka mara kwa mara hutenganisha tabaka za kucha kwenye ncha.

Ukiacha rangi kwa miezi kadhaa na kucha bado zinavunjika, au zikawa nene na kubadilika rangi, mwone daktari. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na fangasi huweza kuleta dalili hizo.