Moto Bwenini: Nani Hayupo?

Usiku wa kuamkia Septemba 6, 2024, bweni la wavulana la Shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliteketea. Watoto 21 walikufa. Kulipokucha, viongozi walitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani waliko. Wengi wao walikuwa wazima: waliokolewa na majirani, au walichukuliwa na wazazi waliofika gizani bila kumwambia mwalimu yeyote. Mzazi aliyesimama getini asubuhi ile hakuwa na wa kumwambia kama mwanawe yumo ndani au amelala kwa jirani.

Hapo ndipo penye kazi ya eneo la kukusanyika. Watu hulichukulia kama mahali pa kukimbilia tu, kumbe ni mahali pa kuhesabiana.

Ni kweli kwamba kwanza lazima watoto watoke. Pale Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Mwongozo wa usalama wa shule nchini Kenya wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Bweni lenye kufuli nje halihitaji zoezi, linahitaji kufuli hilo liondolewe leo.

Tuseme milango iko wazi. Chukua bweni la wasichana lenye vitanda 84. Eneo la kukusanyika liwe mbali kiasi kwamba joto, moshi na mabati yanayoanguka hayawafikii watoto; upande wa pili wa uwanja wa mpira panafaa. Pasiwe chini ya nyaya za umeme, wala getini, kwa sababu gari la zimamoto litapita hapo na wazazi watajaa hapo. Pawepo na eneo la pili upande mwingine, maana upepo ukigeuka, la kwanza litajaa moshi.

Watoto wapange mistari kwa safu za vitanda, siyo kwa madarasa. Anayelala kitanda cha jirani ndiye anayejua kama umeamka. Orodha ya majina isikae ndani ya bweni wala kwenye ofisi iliyofungwa. Ikae kwa matroni, na nakala kwa mlinzi. Kila jioni irekebishwe. Tuseme usiku huu wawili wako zahanati na mmoja ana ruhusa ya kwenda nyumbani: waliolala ni 81. Matroni asiyejua hilo atawatafuta watoto watatu ambao hawamo.

Zoezi la kwanza lifanyike mchana, kwa kutembea. La pili, mwalimu asimame kwenye mlango mmoja na kitambaa chekundu, aseme hapa pana moto, ili watoto wajifunze kugeuka badala ya kusukumana. Wafundishwe kuinama au kutambaa, kwa kuwa moshi wa magodoro ya sponji una sumu na hujaa juu kwanza. Masanduku yabaki. La tatu lifanyike usiku, taa zimezimwa, maana anayejua njia mchana hupotea gizani.

Katika zoezi hilo la usiku, mwalimu amfiche mwanafunzi mmoja kwa siri, akae naye darasani. Kisha asikilize hesabu. Kiranja akiuliza “Mko wangapi?” na safu ikajibu “Tumetimia!”, zoezi limefeli hata kama wote walitoka kwa dakika mbili. Mara nyingi utamsikia mtoto akimwitikia rafiki yake: “Yupo, nimemwona!” Ndiyo maana yaitwe majina, na kila mmoja ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Hesabu nzuri hutoa jibu hili: waliolala 81, waliopo 80, hayupo wa kitanda cha 37, safu ya tatu, karibu na mlango wa mashariki.

Maneno hayo ndiyo anayoyahitaji askari wa zimamoto akishuka kwenye gari, kwa kuwa yanamwonyesha pa kuanzia. Asitumwe mwanafunzi kurudi kutafuta. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa namba 114, na mtu mmoja awe amepangwa mapema kuipiga, la sivyo kila mmoja atadhani mwenzake ameshapiga. Mzazi akifika, asikabidhiwe mtoto mpaka jina lake litiwe alama kwenye orodha.

Mzazi mwenye mtoto bwenini, siku ya kumtembelea mwombe akupeleke pale wanapokusanyikia, akutajie anayeita majina. Akishindwa, pitia kwa mkuu wa shule kabla hujaondoka.