Pigo Moja, Awamu Tatu

Katika gemu nyingi, adui mkubwa wa mwisho, yaani bosi, hubadilika kadiri uhai wake unavyopungua. Tuseme bosi ana uhai 1,000. Akifika 750 anaingia awamu ya pili, 500 ya tatu, 250 ya nne. Awamu ya tatu ndiyo inayofungua mlango wa kutokea.

Sasa mchezaji ana upanga wenye nguvu. Bosi yuko 800, anapigwa pigo la 600, anabaki na 200. Kama programu inaangalia tu uhai uliobaki, itamrusha moja kwa moja hadi awamu ya nne. Bosi anakufa, lakini mlango haufunguki kamwe.

Kosa la pili ni kinyume chake. Sharti likiwa "uhai uko chini ya 750" bila kukumbuka kwamba awamu imeshaanza, kila pigo jipya linaianzisha tena. Utamwona bosi akirudia ngurumo ileile.

Dawa ni kuhifadhi namba ya awamu isiyorudi nyuma, na kuuzuia uhai usivuke kikomo cha awamu iliyopo:

```
uhai = max(uhai - pigo, kikomo[awamu])
```

Pigo lile litamwacha bosi kwenye 750. Awamu ya pili inaanza, na nyingine zitafuata kwa zamu. Gharama yake ni kwamba nguvu 550 za mchezaji zinapotea. Asiyetaka hivyo aruhusu uhai ushuke hadi 200, kisha azipange awamu zilizovukwa kwenye foleni, kila moja ianze baada ya iliyotangulia kumalizika.