Anwani Iliyohama Ndani ya Faili Lisilosomwa

Katika mafaili yote anayoyashika mwandishi wa programu kwa siku moja ya kazi, liko moja ambalo hutaja kila kifurushi cha watu wengine kinachoingia katika programu yake, na toleo lake, na anwani kilikochukuliwa, na alama ya hesabu ithibitishayo kwamba hakikubadilishwa njiani. Na faili hilo hilo, ambalo kwa wenye kutumia npm huitwa `package-lock.json`, ndilo ambalo tovuti ya GitHub hulikunja wakati wenzake wanapokaa kuyakagua mabadiliko aliyoyafanya, lisionekane ila kwa mtu atakayejihimu kulifunua. Hila haimo. Faili hilo huandikwa na mashine, aghalabu lina maelfu ya mistari, na tovuti imekadiria kwamba kilichoandikwa na mashine hakina haja ya macho ya binadamu. Walakini jambo hili liliniganda akilini tangu niliposimuliwa, maana ni sawa na hati ya shehena inayofika forodhani imekunjwa, na mkaguzi akaipiga muhuri kwa kuwa ni ndefu.

Aliyenisimulia ni mhandisi mmoja wa Dar es Salaam, mwanamke asimamiaye seva za kujengea programu katika kampuni ya malipo, ambaye ameomba jina lake na la kampuni yake yasitajwe. “Watu hudhani mwizi atavunja mlango,” aliniambia. “Ndugu yangu, mlango tunamfungulia sisi wenyewe, tena kwa amri tunayoiandika kila siku. Yeye kazi yake ni kungoja jina lake liitwe.”

Msomaji wa ukurasa huu anajua kwamba programu za leo hazishonwi kwa kitambaa kitupu, bali hukusanywa kutoka maghala ya umma kama npm na PyPI, na kwamba makampuni huwa na ghala lao la ndani kwa vifurushi vyao wenyewe. Mwezi wa Februari 2021 mtafiti Alex Birsan alidhihirisha udhaifu uliopo baina ya maghala hayo mawili: aliyakusanya majina ya vifurushi vya ndani vya makampuni makubwa, mengine yakiwa yameachwa wazi katika mafaili yanayopelekwa kwenye vivinjari vya wateja, kisha akayasajili majina hayo hayo katika ghala la umma, na mashine za makampuni zaidi ya 35, Apple na Microsoft zikiwamo, zikavichukua vifurushi vyake kwa hiari yao. Yeye alikuwa na ruhusa, na alilipwa zawadi. Waliomfuata hawakuomba ruhusa wote.

Kisa ambacho mhandisi huyu huwasomesha vijana wake ni cha PyTorch, maktaba mashuhuri ya hesabu za mashine. Kati ya tarehe 25 na 30 Desemba 2022, watu waliosakinisha toleo lake la majaribio, lile linalotolewa kila usiku, katika kompyuta za Linux kwa kutumia `pip`, walipokea kifurushi kiitwacho `torchtriton` ambacho hakikutoka kwa wenye PyTorch. Cha kweli kilikuwamo katika ghala la mradi wenyewe. Cha kughushi kiliwekwa na mtu katika PyPI kwa jina lile lile, kwa kuwa jina hilo huko lilikuwa halina mwenyewe. Kilipoamka kilisoma jina la kompyuta, orodha ya watumiaji, funguo za SSH, na mafaili 1,000 ya mwanzo ya nyumbani kwa mtumiaji, kikayatoa nje kwa kuyavisha sura ya maulizo ya DNS, ambayo ngome nyingi huyaacha yapite. Wenye mradi walikibadilisha jina kile chao, kikawa `pytorch-triton`, na wakaweka katika PyPI kifurushi kitupu kwa jina hilo jipya, ili asije mwingine akaliwahi.

“Sasa sikiliza kosa lilipo,” alisema, na hapo sauti yake ikapanda. “Mtu akiandika `--extra-index-url`, anadhani amesema: anza kwangu, ukikosa ndipo uende kwa umma. Hasha. `pip` haijui la kwanza wala la ziada. Maghala yote kwake ni sawasawa, na katika yote huchagua namba ya toleo iliyo kubwa. Adui akiandika 99, wewe mwenye 1.4 umeshindwa.” Ndiyo maana kwake neno hilo limepigwa marufuku katika kila faili la ujenzi, hutumika `--index-url` moja tu, nayo huelekea ghala la ndani, na ghala hilo ndilo pekee lenye idhini ya kwenda nje kutafuta. Ndani ya ghala limewekwa sharti: jina lililo letu halitafutwi nje kabisa, hata kama huko liko lenye namba kubwa kuliko yetu. Bila ya sharti hilo ghala la ndani si kinga, bali ni mlango mwingine wa hatari ile ile, maana litaichanganya orodha ya ndani na ya nje na kumpa mteja iliyo kubwa.

Upande wa npm, vifurushi vyao vyote huanza na jina la ukoo lenye alama ya @, na `.npmrc` hutaja kwamba ukoo huo una ghala moja tu. Ukoo wenyewe wameusajili pia katika npm ya umma, japo hawana wanachokitangaza huko, kwa sababu ile ile iliyowafanya wenye PyTorch waweke kifurushi kitupu.

Hayo yote yalikuja baada ya tukio ambalo alinionyesha mabaki yake. Kijana mgeni kazini alipewa kompyuta mpya isiyokuwa na `.npmrc` ya kampuni, naye, kwa nia njema, akaendesha `npm update`. Zama hizo vifurushi vyao vilikuwa bado havina ukoo. Majina na anwani hapa nimeyageuza, lakini umbo la mabadiliko ndilo hili:

```diff
   "node_modules/hesabu-malipo": {
-    "version": "1.4.2",
-    "resolved": "https://ghala.kampuni.example/hesabu-malipo-1.4.2.tgz",
+    "version": "1.99.0",
+    "resolved": "https://registry.npmjs.org/hesabu-malipo/-/hesabu-malipo-1.99.0.tgz",
+    "hasInstallScript": true,
```

Aliniacha niitazame mistari hiyo kwa muda kabla ya kunena. Anwani imehama kutoka nyumbani kwenda kwa umma. Toleo limeruka kutoka 1.4 hadi 1.99, wala si 99.0, kwa kuwa programu yao iliomba `^1.4.2`, yaani chochote kuanzia hapo kilicho chini ya 2.0.0, na aliyeghushi alilijua hilo, au alilikisia. Na mstari wa mwisho unatangaza kwamba kifurushi kina maagizo yanayojiendesha wakati wa kusakinishwa, ilhali hesabu ya malipo haina haja yoyote ya kuendesha kitu saa hiyo. Mambo matatu, kila moja likitosha kumsimamisha mtu, nayo yalikuwa yamekunjwa.

Aliyeyaona ni yeye, kwa kuwa alizoea kuendesha amri hii kabla ya kuridhia badiliko lolote:

```
git diff main -- package-lock.json | grep '^+.*"resolved"'
```

Huleta anwani mpya peke yake, aghalabu mistari mitano au sita, ambayo mtu huisoma kwa dakika moja. Baadaye aliongeza katika `.gitattributes` mstari `package-lock.json -linguist-generated`, ili GitHub isilihesabu tena faili hilo kuwa la mashine, na seva ikafundishwa kukataa anwani yoyote isiyo ya ghala la ndani. Seva hujenga kwa `npm ci`, ambayo hufuata faili hilo bila kulibadilisha, na husimama endapo halipatani na `package.json`.

Nilimwuliza je, kompyuta ya yule kijana. Alinyamaza kidogo. “Ile ilikwisha kuliwa. Faili la kufuli liliikinga seva, halikumkinga yeye, maana maagizo yalijiendesha kabla mimi sijasoma chochote.” Kompyuta ilifutwa, funguo zote zikabadilishwa. Tangu hapo kanuni ni `ignore-scripts=true` kwa wote, na atakaye kifurushi kipya huanza na `npm install --package-lock-only`, ambayo huandika faili pasipo kusakinisha. Likisha kusomwa ndipo kifurushi kishuke. Nani aliyekisajili kifurushi kile hawakupata kumjua. Kilikuwa kimeondolewa walipokirudia kukitazama, na huenda alikuwa mtafiti mwenye nia ya Birsan, huenda sivyo.

Majina ya kughushi yaliyofananishwa na ya kweli ni maradhi ya namna nyingine, kwa kuwa hapo anwani haihami: kifurushi cha kweli ni cha umma na cha uongo ni cha umma. Mfano anaoupenda, ikiwa neno kupenda lafaa, ni `jeIlyfish`, kilichokaa katika PyPI takriban mwaka mzima, tangu Desemba 2018 hadi Desemba 2019, kikiiba funguo za SSH na GPG. Kifurushi halali ni `jellyfish`. Katika kile cha kughushi L ya kwanza imebadilishwa kwa I kubwa, na katika hati nyingi za skrini herufi hizo mbili hazitofautiani hata kidogo. Kiliingizwa na kingine, `python3-dateutil`, ambacho chenyewe hakikuwa na sumu isipokuwa kukiita hicho. Kwa hiyo mtu angeweza kuliandika kosa moja na kuletewa la pili asilolijua.

Tena ghala la PyPI halitofautishi herufi kubwa na ndogo, na zana nyingi ziandikazo faili la matoleo huyageuza majina yote kuwa ya herufi ndogo. I kubwa ikigeuzwa huwa `i`, na hadaa yote huvuliwa nguo: `jeilyfish`. Jina lililowadanganya watu katika faili waliloliandika kwa mikono yao linajifichua lenyewe katika lile waliloliachia mashine. Ndiyo maana yeye huwataka vijana wasome majina mapya katika faili la kufuli, wala si kule walikoyaandika, na kila jina geni huulizwa ni nani aliyelileta na ni la nini, kabla ghala la ndani halijaruhusiwa kulichukua.

Kuna jambo asilolipatia dawa, naye hakujaribu kunificha. Mwaka 2018 kifurushi `event-stream` kilikabidhiwa kwa mtu mwingine na aliyekitunza, na huyo mrithi akatia ndani yake kitegemezi cha kuibia sarafu za Bitcoin. Jina ni lake, anwani ni yake, alama ya hesabu inapatana. Kinga ya mhandisi huyu ni kungoja: toleo jipya la umma halipiti ghalani mwao mpaka lipate siku saba, kwa matumaini kwamba wengine watakuwa wameligundua. Nikamwuliza, na ikiwa toleo hilo jipya ndilo linaloziba tundu ambalo adui amekwisha kuliona? Akasema hayo hupitishwa moja moja, kwa sahihi ya watu wawili. Nikamwuliza tena, ikiwa kila kampuni itangoja siku saba, ni nani atakayeligundua katika siku hizo. Akacheka, akasema swali hilo amekwisha kuulizwa na mkubwa wake, na hakuwa na jibu alilompa.