TLS 1.0 ilipopigwa marufuku kwenye malipo

Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipia katika duka la mtandaoni, simu yake siyo pekee inayowasiliana na kampuni ya malipo. Seva ya duka nayo inafungua mazungumzo yake na seva ya kampuni hiyo: inauliza kama fedha zimeingia, inapokea namba ya muamala, ndipo inaruhusu mzigo utoke. Mazungumzo hayo hayaonekani na mtu yeyote. Yanalindwa na TLS, itifaki inayosimba data ili anayenasa mawasiliano njiani asiambulie kitu cha maana. TLS ina matoleo yake: 1.0 ya mwaka 1999, 1.1 ya 2006, 1.2 ya 2008 na 1.3 ya 2018.

Kwa miaka mingi seva nyingi za malipo zilikubali kuzungumza kwa toleo lolote ambalo duka lilikuwa nalo. Mambo yalibadilika baada ya Oktoba 2014, watafiti wa Google walipotangaza udhaifu walioupa jina POODLE, uliovunja SSL 3.0, mtangulizi wa TLS. Aprili 2015 baraza linalosimamia viwango vya usalama wa kadi za malipo, PCI, lilitangaza kwamba SSL na TLS za mwanzo hazihesabiki tena kuwa ulinzi, likatoa muda wa mwisho: 30 Juni 2016. Kabla mwaka haujaisha, Desemba, likaona biashara nyingi hazitawahi, likasogeza tarehe hadi 30 Juni 2018.

TLS 1.0 yenyewe ilikuwa na kosa gani? Data husimbwa vipande vipande, na kila ujumbe unahitaji thamani ya kuanzia ambayo msikilizaji hawezi kuibashiri. TLS 1.0 ilichukua kipande cha mwisho cha ujumbe uliotangulia, yaani kitu ambacho msikilizaji ameshakiona kikipita, na kukifanya mwanzo wa ujumbe unaofuata. Mwaka 2011 watafiti Thai Duong na Juliano Rizzo walionyesha hadharani, kwa shambulio walilolipa jina BEAST, jinsi mwanya huo unavyoweza kutumika kusoma siri kidogo kidogo. Toleo la 1.1 lilikuwa limeshauziba, na 1.2 ikaleta njia mpya na imara zaidi za kusimba. Kwa hiyo kampuni za malipo hazikusumbuka kuhamia 1.1. Ziliruka moja kwa moja hadi 1.2.

Ndipo matangazo yalipoanza kumiminika kwa washirika. PayPal, kwa mfano, iliwataka wafanyabiashara wote wahakikishe mifumo yao inazungumza TLS 1.2 kufikia 30 Juni 2018. Tangazo la namna hii huonekana jepesi: toleo la chini kabisa, tarehe, basi. Ugumu wake unatokana na jambo moja ambalo wasio mafundi hawalioni. Seva mbili hukubaliana toleo kabla ya neno lolote la biashara kupita. Zisipokubaliana, mawasiliano hukatika hapo hapo, na kampuni ya malipo haina nafasi ya kulitumia duka maelezo kamili kwamba programu yake imepitwa na wakati. Bahati ikiwepo, kumbukumbu za seva ya duka zitaandika `tlsv1 alert protocol version`. Mara nyingi zitasema `handshake_failure` au `Connection reset` tu, na mteja ataambiwa ajaribu tena baadaye. Mwenye duka ataanza kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti, akidhani tatizo ni mtandao.

Ndiyo maana kipimo cha tangazo zuri ni kama linampa mshirika njia ya kujipima mapema. Tarehe pekee haitoshi. PayPal iliweka anwani maalumu iliyokubali TLS 1.2 pekee, na amri moja ilitosha kuijaribu:

```
curl https://tlstest.paypal.com
```

Jibu likiwa `PayPal_Connection_OK`, programu iliyotuma amri hiyo iko salama. Nasisitiza hapo: programu iliyotuma. Hapa ndipo mafundi wengi hujidanganya, na inafaa tulifuate duka moja la kufikirika hatua kwa hatua.

Duka hili linaendeshwa kwa programu iliyoandikwa kwa Java 7. Fundi anafungua anwani ya majaribio kwenye kivinjari cha kompyuta yake, inafunguka vizuri. Haijathibitisha lolote, kwa sababu kivinjari kina TLS yake mwenyewe na kompyuta yake siyo seva ya duka. Anaingia kwenye seva yenyewe, anatuma amri ya `curl`, inapita. Bado haijathibitisha. Kwenye seva hiyo `curl` inategemea OpenSSL, ambayo ina TLS 1.2 tangu toleo 1.0.1 la mwaka 2012, lakini Java haitumii OpenSSL. Ina TLS yake ya ndani. Na Java 7 ina tabia ya kuchanganya: TLS 1.2 inaijua, ila inapopiga simu kwa seva nyingine huanza na 1.0 mpaka iamriwe vingine. Jaribio la kweli ni kuiita anwani ile kutoka ndani ya programu ya duka, kwa njia ile ile inayotumika kulipisha. Hapo ndipo kosa linapojitokeza.

Dawa ya haraka ni kuongeza maneno haya programu inapowashwa:

```
-Dhttps.protocols=TLSv1.2
```

Yanafanya kazi kwa mawasiliano yanayopitia njia ya kawaida ya Java. Ikiwa duka linatumia maktaba nyingine ya kutuma maombi, maktaba hiyo inaweza isiyasome kabisa, na fundi atalazimika kupanga toleo ndani ya maktaba yenyewe. Dawa ya kudumu ni Java 8 au ya baadaye, ambayo hutumia 1.2 au toleo la juu zaidi bila kuambiwa.

Hata hivyo, wapo washirika wasiosoma barua pepe, na wengine ambao fundi aliyewajengea mfumo aliondoka zamani. Kwa hao, njia niliyoipenda kuliko zote ni ya GitHub, ghala la kodi linalotumiwa na waandishi wa programu duniani kote. Ilipokuwa ikiondoa TLS 1.0 na 1.1, haikungoja siku ya mwisho. Tarehe 8 Februari 2018 ilizizima kwa saa moja tu, ikazirudisha, kisha ikazizima moja kwa moja tarehe 22 Februari. Saa ile moja ilianza saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mfumo uliokwama saa nne na kupona wenyewe saa tano unamwambia fundi mahali pa kutazama, na bado ana wiki mbili za kutengeneza. Nadhani kila kampuni inayotoa tangazo la aina hii ingepaswa kufanya hivyo, tena zaidi ya mara moja na kwa saa tofauti za siku, kwa sababu kazi nyingine, kama ripoti za mwisho wa mwezi, hazipigi simu kila saa.

Lipo kundi moja ambalo tarehe haikuligusa kwa nguvu hiyo. Mashine za kadi zinazokaa kwenye kaunta za maduka nyingi haziwezi kubadilishiwa programu kirahisi, na mashambulio kama BEAST yanahitaji kivinjari ambamo mshambuliaji ataendesha programu yake, kitu ambacho mashine hizo hazina. PCI iliziruhusu kuendelea na matoleo ya zamani hata baada ya 30 Juni 2018, mradi ithibitishwe kwamba haziathiriki na mashambulio yanayojulikana. Likigunduliwa shambulio linaloziweza, ruhusa hiyo haina nguvu tena, na mashine itabidi ibadilishwe.