Una nguvu lakini huna mtaji? Uza mtaro kwa futi

Ukienda mjengo kama kibarua, unauza siku yako. Uchimbe sana, uchimbe kidogo, jioni pesa ni ile ile. Mwenye nguvu ndiye anaumia hapo. Jaribu badala yake kuchukua kandarasi ya kuchimba msingi, bei iwe kwa futi.

Tuseme fundi amepiga kamba za nyumba ndogo, na mitaro yote ikijumlishwa ni futi 100, upana futi 2, kina futi 3. Kwenye udongo laini mtu mwenye nguvu anaweza kumaliza kama futi 14 kwa siku. Mkiwa watatu, hiyo ni siku mbili na nusu. Ukikubaliana na mwenye ploti shilingi 80 kwa futi, kazi ni 8,000. Wenzako wawili wakilipwa 700 kwa siku, wanachukua 3,500, nawe unabaki na 4,500 kabla ya kukodi sururu na koleo. Kama kibarua ungepata 1,750. (Bei hizi ni za mfano tu, uliza za mtaani kwako.)

Sasa, kandarasi hii huharibikia chini ya ardhi. Juu unaona udongo, futi moja chini unagonga mwamba, na siku moja ya kuhangaika nao inakula 1,400 za wenzako. Kwa hivyo usitaje bei ukiwa umesimama barabarani. Omba ruhusa uchimbe shimo dogo kwenye kona mbili za ploti, hadi kina kinachotakiwa. Ukisikia sururu inalia kama imegonga chuma, bei ya hiyo sehemu ni nyingine. Udongo mweusi nao ni mtego: ni rahisi kuchimba, lakini fundi anaweza kukwambia uendelee hadi ardhi ngumu. Kubalianeni mapema kwamba kina kikizidi futi 3, kila futi ya ziada inalipiwa, na mwamba unalipiwa kivyake.

Makubaliano hayo yatume kwa SMS, mwenye ploti ajibu "sawa". Omba thuluthi moja kabla ya kuanza, itumwe kwa simu, na uangalie salio lako mwenyewe, si meseji anayokuonyesha kwa simu yake. Wenzako pia walipe kwa simu kila jioni, ndio kusiwe na ubishi wa nani alilipwa siku gani.

Na mkichimba, mwageni udongo mbali na ukingo, angalau futi 2, usirudi ndani. Choo cha shimo kinalipa vizuri zaidi, lakini kuta zinaweza kumfunika mtu, kwa hivyo usianze nacho bila mzoefu.

Faida ya kwanza nunua sururu na koleo zako. Ya pili nunua wilibaro, kwa sababu mwenye ploti akishaona mtaro umenyooka, atauliza kama unaweza pia kubeba mawe ya msingi.